Shairi la Mlangoni

Ukitoka Moshi mjini kwa barabara ya Himo, pale Kiboriloni unaacha njia kuu na kuanza kupanda kwenda Old Moshi. Joto la mjini unaliacha nyuma kidogo kidogo. Migomba inakaribiana, kahawa inajificha chini yake, na maji ya mfongo unayasikia kabla hujayaona. Juu huko ndiko Kidia, mama wa sharika nyingi za Kilutheri za upande huu, na usharika wetu ni mmoja wa watoto wake. Tulipomaliza kujenga kanisa jipya la mawe, kamati ya ujenzi ilinipa kazi mbili: niandike historia fupi ya usharika itakayoingia kwenye risala, na nitunge shairi la kuwasifu waliojenga na waliochangia, lisomwe siku ya kuweka wakfu. Historia niliiandika kwa wiki moja. Shairi lilinichukua miezi minne, na sababu yake ilitoka ndani ya historia ile ile.

Historia ya makanisa ya mlimani ina tarehe nyingi zinazojulikana. Mwaka 1885 wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikaribishwa Moshi na Mangi Rindi. Mwaka 1892, Rindi akiwa amekwisha kufariki, mwanawe Meli alipambana na Wajerumani, na Waingereza wale wakalazimika kufunga virago. Mwaka uliofuata wakaja wamisionari wa Leipzig. Walianza Machame 1893, wakafika Mamba 1894, na 1896 wakafungua kituo hapa Moshi ya zamani. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamewatangulia Kilema tangu 1890. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wazee wetu walikua wakionyeshwa mti alionyongewa.

Nilipoziandika tarehe hizo niligundua kwamba kila moja inakuja na jina la aliyefika, wala haiji na jina la aliyechimba msingi. Tunajua kwamba Bruno Gutmann alikaa Kidia kwa miaka mingi, akaondolewa pamoja na Wajerumani wenzake mwaka 1920, akarudi katikati ya miaka ya 1920 na kuendelea hadi 1938. Tunajua alichofundisha: kwamba kanisa la Wachaga lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, kwa sababu hivyo ndivyo watu walivyokuwa wameshikamana kabla yeye hajazaliwa. Lakini katika miaka ile ambayo wamisionari wa Leipzig hawakuwapo, walimu wa shule za vijijini na wazee wa kanisa ndio waliosalisha, waliofundisha kipaimara, waliozika na walioziba mapaa yaliyovuja. Nimewauliza wazee wa hapa majina ya waliopanda juu ya paa. Wanajua koo zao. Majina yamekwenda nao.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana ya kuadhimisha ujenzi wa nyumba ya ibada katika pwani yetu yako Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yamechongwa kwa hati ya Kikufi ndani ya msikiti. Yana mwaka wa Hijra 500, yaani 1107, mwezi wa Mfunguo Pili, na yanamtaja sheikh aliyeamuru msikiti ujengwe, Abu Imran Musa, pamoja na dua ya kumwombea. Yamechongwa kwa ufundi mkubwa, na mkono uliochonga haukujitaja. Kwa zaidi ya miaka 900 jina la aliyeamuru linasomeka, na la mwenye patasi halimo. Sisemi walikosea, kwani pengine fundi yule aliona ni adabu kunyamaza. Ila mimi nilikuwa na mafundi wangu hai, na akina mama waliobeba mawe walikuwa wanapita mbele ya nyumba yangu kila siku wakienda sokoni.

Basi kamati ikaniletea orodha. Ilikuwa kurasa mbili zilizochapwa, na majina yamepangwa kwa kiasi cha mchango, aliyetoa zaidi juu, aliyetoa kidogo chini. Katibu alieleza kwa upole kwamba itapendeza kila mmoja wa ukurasa wa kwanza apate angalau kipande kimoja. Nilikubali, nikakaa kutunga. Hapo ndipo nilipoanza kugombana na mizani.

Shairi la tarbia, hili la mistari minne ambalo masikio ya Watanzania yamelizoea tangu shule ya msingi, lina mizani 16 kila mstari, 8 kabla ya kituo na 8 baada yake. Kina cha kati kinafanana katika mistari mitatu ya kwanza, na cha mwisho vivyo hivyo, kisha mstari wa nne unakuwa kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Sasa chukua mchangiaji mmoja mwenye jina la ubatizo, jina la baba na jina la ukoo. Peke yake anakula mizani 9 au 10. Mwongezee cheo chake, kwa sababu ukimwita bila cheo mkewe atauliza, na kipande kimekwisha kabla hujasema alifanya nini. Zaidi ya hapo, majina ya watu hayakuumbwa yafanane vina. Kwa hiyo mtunzi analazimika kutafuta neno la kujazia, na neno la kujazia ndilo linaloua shairi. Msikilizaji halijui kosa kwa jina, lakini analihisi: anasikia "hakika" pasipo na lolote la kuhakikishwa, anasikia "jamani" na "kweli kweli", anaanza kumwangalia mtoto wake anayecheza kwenye benchi la mbele.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na beti 24. Niliighani peke yangu nyumbani huku nikiangalia saa. Ubeti mmoja ukighaniwa bila haraka unachukua kama nusu dakika, hivyo beti 24 ni dakika 12. Askofu akiwa amesimama mlangoni na joho lake, na watu wako juani, hizo ni dakika nyingi mno. Lakini urefu haukuwa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulionyeshwa na mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa amepita kuazima ungo akanikuta nasoma kwa sauti. Alisubiri nimalize.

"Mwalimu, limependeza," akasema. "Sasa sisi wa mtoni tuko ubeti wa ngapi?"

Hawakuwamo. Na mawe ya kanisa lile yalitoka mtoni.

Inafaa nieleze kazi ile ilivyokwenda. Gari halifiki mtoni. Kilichofanyika ni msaragambo: kila jumuiya ilipewa siku yake, kama ambavyo mifongo imekuwa ikisafishwa kwa zamu tangu enzi za mababu. Wanaume walivunja mawe kwa nyundo na mtaimbo, na akina mama na watoto wakayapandisha kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya migomba hadi pale kigari cha mizigo kilipoweza kugeuza. Wakati wa masika hata hapo hakikufika, maana udongo wetu ukilowa unateleza kama umepakwa mafuta, na mawe yakapandishwa hadi kiwanjani kwa miguu. Orodha ya kamati haikuyaandika hayo kwa sababu orodha iliandika shilingi. Mama aliyebeba mawe siku zote za zamu yake alionekana mle kwa yai na mkungu wa ndizi alioutoa Jumapili ukauzwa kwenye mnada baada ya ibada, tena jina lililoandikwa lilikuwa la aliyenunua.

Nikairudisha orodha kwa katibu na pendekezo. Fedha zote zisomwe kwenye risala, kwa jumla na kwa mchanganuo, kwa sababu risala ndiyo mahali pa hesabu na watu wana haki ya kuzisikia. Majina yote, ya shilingi na ya mawe, yaandikwe katika daftari moja kwa mfuatano wa alfabeti, daftari likae ofisi ya usharika. Shairi lipangwe kwa kazi: aliyetoa ardhi, waliobeba, waliojenga, waliotoa, waliokufa njiani. Lisimtaje mtu yeyote kwa jina.

Kamati ilikaa vikao viwili juu ya jambo hilo. Mzee mmoja aliyekuwa amechangia sana ndiye aliyelimaliza. Alisema jina lake analijua yeye na Mungu analijua, akaomba tuendelee na ajenda ya chakula.

Kutotaja majina si kuficha watu. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, maelezo mazuri yanamtaja mtu kwa uhakika kuliko jina lake. Kiwanja chetu kilitolewa na bibi mjane. Alimega upande wa chini wa kihamba, na haikuwa kazi nyepesi, maana kihamba ni cha ukoo, walala humo waliokufa, na kwa desturi kinarithiwa na wanaume. Wanawe walikaa na wazee wa ukoo, wakakubaliana, masale yakapandwa mpakani, ndipo karatasi ikaandikwa mbele ya mashahidi. Nikisema katika shairi kwamba bibi alimega shamba, hakuna mtu hapa atakayeuliza bibi gani. Na siku tutakapokuwa hatupo, atakayesoma atajua angalau kwamba ardhi hii ilitoka kwenye mkono wa mwanamke, jambo ambalo jina peke yake, la ubatizo na la ukoo, lisingemwambia.

Kulikuwa na swali jingine, la sauti. Mwalimu wa kwaya alitaka shairi liimbwe kwa mojawapo ya tuni za Mwimbieni Bwana, kitabu chetu cha nyimbo. Hoja yake ilikuwa nzuri: tuni kadhaa za zamani zina mistari minne ya silabi nane nane, na shairi letu lina vipande vya mizani nane nane. Tukajaribu ubeti mmoja ukumbini. Hesabu ilikaa sawasawa, lakini masikio yakakataa. Tuni hizo zilitungwa kwa lugha ambazo mstari huishia kwenye silabi nzito, na Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo noti ndefu ya kumalizia inaangukia silabi nyepesi, na neno "vilima" linaimbwa kama "vilimaa". Kwaya ilijitahidi, lakini kila mstari ulichechemea mguu ule ule. Tukaamua lighaniwe, kama mashairi yanavyoghaniwa, na kwaya iitikie kibwagizo tu.

Na kwa nini Kiswahili, wakati wazee wengi wanasali kwa Kichaga mioyoni mwao? Gutmann na wenzake walihimiza Kichaga, na Agano Jipya la Kimochi lilitoka 1939. Lakini watoto wetu wanaorudi Desemba kutoka Dar, Mwanza na Nairobi wanakuja na wake na waume wa makabila mengine, na wajukuu ambao Kichaga chao ni salamu tu. Tena umbo lenyewe la tarbia halikuzaliwa mlimani. Lilipanda kutoka pwani kupitia shuleni, na wengi wa rika langu tulilipokea wakati wa ngonjera za Mathias Mnyampala, Mgogo Mkatoliki wa Dodoma ambaye pia alizitia Injili na Zaburi katika utenzi. Mtu wa bara aliyeonyesha kwamba umbo la pwani linabeba habari za Kikristo bila kulemewa alitufungulia njia wengi, na niliposhika kalamu nilimkumbuka kwa shukrani.

Jambo la mwisho lilikuwa mahali pa shairi katika ratiba. Kwa kawaida shairi hupangwa mchana, baina ya risala na zawadi kwa mgeni rasmi, watu wakiwa wameanza kunusa pilau. Niliomba lisomwe nje, mbele ya mlango uliofungwa, baada ya maandamano kufika na kabla ya mwenyekiti wa kamati kumkabidhi Askofu ufunguo. Kwa sababu hiyo ubeti wa kwanza unasema mlango unafunguka. Mahali pengine popote maneno hayo yangekuwa ya uongo. Kutoka beti 24 zilibaki 6:

Leo tumekutanika, wa mabonde na vilima,
Mlango unafunguka, twaingia kwa heshima,
Jasho lililomwagika, limezaa jambo jema,
Nyumba hii ya Mwenyezi, mikono ndiyo nguzoze.

Bibi alimega shamba, kipande cha urithiwe,
Aling'oa na migomba, msingi upate mawe,
Hakutaka kujigamba, wala jina asifiwe,
Nyumba hii ya Mwenyezi, mikono ndiyo nguzoze.

Mtoni kulipokucha, kina mama na watoto,
Bila jiwe kuliacha, walipanda na uzito,
Nguvu hawakuzificha, wakaimba kama mto,
Nyumba hii ya Mwenyezi, mikono ndiyo nguzoze.

Mafundi waloyapanga, kwa kamba na kwa timazi,
Na walochota mchanga, vijana wetu wajuzi,
Masika yakitugonga, hapa tunayo makazi,
Nyumba hii ya Mwenyezi, mikono ndiyo nguzoze.

Waliotoa kwa siri, na walotoa hadhara,
Waliokuja na gari, waliomega ujira,
Yai moja la fakiri, mbele ya Mungu ni bora,
Nyumba hii ya Mwenyezi, mikono ndiyo nguzoze.

Walolala kaburini, paa bado kuinuka,
Majina yao moyoni, kamwe hayatafutika,
Wamo humu ukutani, jiwe kwa jiwe hakika,
Nyumba hii ya Mwenyezi, mikono ndiyo nguzoze.

Wajuzi wataona kwamba "hakika" niliyoisema vibaya huko juu imo katika ubeti wa mwisho. Niliiondoa mara tatu na kuirudisha mara tatu. Mwishowe niliiacha, kwa sababu safari hii kuna cha kuhakikisha: watu wale wamo ukutani kweli, mawe yao yanaonekana. Ubeti wa tano nao ulinisumbua. Nilikuwa nimetaja miji ambayo michango ilitoka, nikaona waliotoka mji usiotajwa wataumia, nikaweka gari na ujira. Mwenye gari alijiona, na mwenye mshahara mdogo alijiona.

Lilighaniwa na binti wa kidato cha tatu, Jumapili ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, vihamba vikiwa vimejaa watu waliorudi. Alighani bila karatasi. Alipofika mtoni, akina mama waliokuwa nyuma hawakungoja kwaya, wakaitikia kibwagizo wenyewe, na kuanzia hapo hadi mwisho kwaya ndiyo iliyowafuata. Yule jirani yangu wa ungo alikuwa miongoni mwao, amevaa kitenge cha sare ya umoja wa wanawake. Bibi wa shamba alikuwa kwenye kiti cha mbele, kivulini, mikono yote miwili juu ya fimbo. Uliposomwa ubeti wake hakuinua uso. Mjukuu wake alimwinamia akamwambia neno sikioni, naye akatikisa kichwa kidogo, mara moja. Kisha ufunguo ukakabidhiwa, mlango ukafunguka, tukaingia.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo fundi mkuu alikuwa ameniomba kibwagizo kwa maandishi. Alitaka kukiweka juu ya mlango, ndani ya fremu ya plasta aliyoitengeneza bila kuagizwa na mtu na bila kudai malipo. Nilimpa kwa karatasi. Aliandika jioni, kwa ncha ya mwiko, plasta ikiwa bado mbichi, herufi kubwa zilizonyooka kwa uzi. Nilipofika asubuhi saruji ilikuwa imeshika. Ile "nguzoze" ya lugha ya washairi aliiona ni kosa la mwalimu aliyechoka, akanisahihishia kwa heshima: MIKONO NDIYO NGUZO ZAKE.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi, amekunja mikono yenye saruji hadi kwenye viwiko, akisubiri nitakachosema. Nilimwambia nimeyapenda maandishi yake, na nilikuwa nasema kweli. Mwanakamati mmoja alipendekeza baadaye yachongwe upya, nikamwomba ayaache, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee katika jengo lile ambapo mkono wa fundi umeandika. Kila Jumapili nikifika mlangoni nainua macho, nasoma, na kipande cha pili nakihesabu mizani tisa.